Kwa Nini Maji na Mafuta Huchemka Pamoja Kabla ya Kufika Nyuzi 100

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi wa maabara na wanafunzi mliohudhuria, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya ukenekaji kwa mvuke, yaani ile kazi ya kuyatoa mafuta yasiyochanganyika na maji kwa kuyageuza kuwa mvuke pamoja na maji, kisha kuupoza mvuke huo na kuyaacha mafuta na maji yatengane yenyewe ndani ya chupa ya kupokelea. Jambo hili lina pembe nyingi, nami nimechagua kushika moja tu. Kila mwaka huwapo mwanafunzi anayesoma kipimajoto, akanyamaza, akakisoma tena, kisha akaniita: “Mwalimu, hiki kipimajoto ni kibovu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 97 na nusu.” Kipimajoto si kibovu, na macho yake ni mazima. Leo nataka kumjibu mwanafunzi huyo kwa ukamilifu kuliko ninavyoweza kumjibu akiwa amesimama mbele ya jiko linalowaka.

Tuanze na vitu vyenyewe. Ndani ya chupa ya mviringo tuna maji, na juu ya maji kuna tabaka la limonini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yanayotoka katika maganda ya machungwa. Limonini ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 176 hivi. Maji yakiwa peke yake, mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni milimita 760 za zebaki, huchemka kwenye nyuzi 100. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiulizwa mchanganyiko wa viwili hivyo utachemka wapi, atajibu kwamba ni mahali fulani kati ya 100 na 176, na huenda akaongeza kwamba kadiri mafuta yanavyozidi ndivyo joto litakavyopanda. Hayo ni makisio ya busara, nayo si kweli. Mchanganyiko huo huchemka kwenye nyuzi 97.5, chini ya vyote viwili, na haujali kama mafuta ni kijiko kimoja au ni nusu lita.

Ili tuone sababu, inatupasa kwanza kukubaliana kuchemka ni nini, kwa maana wengi wetu tumezoea kulitaja neno hilo kana kwamba ni tabia ya joto pekee. Kila kimiminika, hata kikiwa baridi, hupoteza molekuli chache kupitia uso wake. Ukikifungia ndani ya chombo, molekuli zinazotoka zitajaa hewani hadi idadi ya zinazorudi iwe sawa na ya zinazotoka, na msukumo wa molekuli hizo kwenye kuta za chombo ndio tunaouita mgandamizo wa mvuke. Msukumo huo hutegemea mambo mawili tu: ni kimiminika gani, na kina joto kiasi gani. Hautegemei wingi wake. Tone moja la maji na pipa zima la maji, vikiwa na joto moja, vina mgandamizo wa mvuke ulio sawa, mradi tone lisiishe.

Sasa piga picha ya kiputo kidogo kinachotaka kuzaliwa ndani ya maji. Kwa nje kinabanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, milimita 760. Kwa ndani hakina cha kujitetea nacho isipokuwa mvuke wake. Maji yakiwa na nyuzi 97.5, mvuke wake una nguvu ya milimita 694 tu. Ni 694 dhidi ya 760, na kiputo husagwa kabla hata hakijaonekana. Yapashe maji hayo hadi nyuzi 100, mvuke wake ufike 760, na hapo kiputo kitasimama, kitakua na kupanda juu. Huko ndiko kuchemka. Kumbe nyuzi 100 hazina siri yoyote ndani yake. Ni joto ambalo mvuke wa maji, ukiwa peke yake, unaweza kulisimamia deni lote la hewa.

Nimesema “ukiwa peke yake” kwa makusudi, maana hapo ndipo mafuta yanapoingia.

Chukua kiputo kilekile, maji yakiwa na nyuzi zilezile 97.5, lakini safari hii kizaliwe mahali maji yanapogusana na limonini. Ukuta wake mmoja ni maji, na ukuta wa pili ni mafuta. Maji hupeleka ndani ya kiputo mvuke wa milimita 694, kama yalivyofanya awali. Limonini nayo, ingawa iko mbali sana na nyuzi zake 176, si mfu. Kwenye nyuzi 97.5 mvuke wake una nguvu ya milimita 66. Ndani ya kiputo kimoja sasa kuna mvuke wa aina mbili, na mwaka 1801 John Dalton alikwisha kutuonyesha kwamba gesi zilizomo ndani ya chombo kimoja husukuma kila moja kwa nguvu yake kana kwamba nyingine haipo, na jumla ya msukumo ni jumla ya nguvu hizo. Jumlisha basi 694 na 66. Unapata 760. Kiputo kilichokuwa kikisagwa sasa kinasimama, na chupa nzima inachemka, ilhali maji hayajafika kwenye nyuzi zake 100, na mafuta yamekosa nyuzi zake kwa karibu 80.

Katika jambo hili lote, hicho ndicho kiini. Deni ni lilelile la 760, ila sasa lina walipaji wawili. Maji hayalazimiki tena kulipa lote, kwa hiyo yanaruhusiwa kuchemka mapema. Na kwa kuwa hata mlipaji dhaifu kabisa hulipa chochote kidogo, mchanganyiko wa namna hii daima huchemka chini ya nyuzi za kile kinachochemka kwa urahisi zaidi kati ya viwili hivyo. Haiwezekani uwe kati yao.

Hapa msikilizaji makini atanisimamisha. Atasema: mbona tukitia chumvi ndani ya maji joto la kuchemka hupanda badala ya kushuka? Ni swali zuri, na jibu lake linaonyesha kwa nini nimeng’ang’ania neno “yasiyochanganyika”. Chumvi huyeyuka ndani ya maji, na vilivyoyeyuka hukaa katikati ya molekuli za maji hata pale juu zinapotokea. Maji hayamiliki tena uso wote, mvuke wake hupungua nguvu, na chumvi yenyewe haitoi mvuke wa kufidia upungufu huo; ndiyo maana inabidi kuongeza moto. Kitu kinachoyeyuka na ambacho kina mvuke wake, kama spiriti, hulipa sehemu yake ya deni, lakini wakati huohuo humpunguzia mwenzake uwezo wa kulipa. Mafuta yasiyoyeyuka hayafanyi hivyo. Chini ya tabaka la limonini, maji yanabaki kuwa maji matupu. Juu ya maji, limonini inabaki kuwa limonini tupu. Kila kimoja kinatoa mvuke kwa nguvu yake kamili, hakuna aliyemnyima mwenzake nafasi. Kutopatana kwao ndiko kunakowafanya walipe kwa ukamilifu.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la swali la wingi. Kwa kuwa nguvu ya mvuke haitegemei kiasi, joto la kuchemka litakaa kwenye 97.5 bila kutikisika maadamu matabaka yote mawili yapo. Mafuta yakibaki matone machache, joto bado ni 97.5. Tone la mwisho likiisha, mlipaji mmoja ameondoka, na kipimajoto hupanda hadi 100. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu baadaye litatufaa kazini.

Sasa hiyo 97.5 nimeitoa wapi? Haihitaji hesabu ngumu, inahitaji majedwali mawili na subira. Jedwali la kwanza ni la mvuke wa maji kwa kila joto, la pili ni la mvuke wa mafuta unayoyashughulikia. Unajaribu. Kwenye nyuzi 90, maji yana milimita 526 na limonini inakaribia 50, jumla 576; haitoshi. Kwenye nyuzi 96, maji yana 658 na limonini kama 63, jumla 721, bado. Kwenye nyuzi 98, maji yana 707 na limonini kama 68, jumla 775, tumepita. Basi ukweli uko baina ya 96 na 98, karibu zaidi na 98, na ukiendelea kubana utaangukia 97.5. Anayependa kuchora anaweza kuchora mistari miwili kwenye karatasi ya mraba, mmoja wa mvuke wa mafuta na mwingine wa 760 ukitoa mvuke wa maji, na kusoma mahali inapokutana, lakini mimi huwaambia wanafunzi wajaribu kwa mkono kwanza, maana anayejaribu kwa mkono huona mwenyewe kwamba maji ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya deni, na mafuta yanasaidia tu mwishoni.

Na ikiwa hewa mnayofanyia kazi ni nyepesi, kama ilivyo kwenye miinuko, kanuni haibadiliki. Linalobadilika ni deni. Hewa ikiwa na mgandamizo wa milimita 630, maji matupu yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na mchanganyiko wetu utachemka kwenye nyuzi 92.5. Mwanafunzi wa mwinuko asiilaumu chupa yake kwa kutofika 97.5.

Nimesema mafuta yanasaidia tu mwishoni, milimita 66 kati ya 760. Je, ina maana kwamba katika chupa ya kupokelea tutapata mafuta haba namna hiyo? Hapa tunafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mgandamizo wa gesi huhesabu molekuli, haupimi uzito. Kwa hiyo kati ya kila molekuli 760 zinazopita kwenye shingo ya chupa, 694 ni za maji na 66 ni za limonini. Yaani kila molekuli moja ya mafuta inasindikizwa na zaidi kidogo ya kumi za maji. Lakini molekuli ya maji ni nyepesi mno, uzito wake ni 18, na ya limonini ni 136. Zidisha basi: 694 mara 18 ni 12,492, na 66 mara 136 ni 8,976. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, unapata 0.72. Kwa kila gramu 100 za maji zinazokuja kwenye chupa ya kupokelea, mafuta yanakuja gramu 72. Kilichokuwa chini ya moja ya kumi kwa hesabu ya vichwa kimekuwa zaidi ya theluthi moja ya mzigo kwa mizani.

Ndiyo maana ukenekaji huu una faida hata kwa mafuta yenye mvuke dhaifu: mafuta huwa na molekuli nzito, nayo maji, kwa wepesi wake, ni msindikizaji asiyechukua nafasi kubwa kwenye mizani. Tukiwa na gramu 50 za limonini ndani ya chupa, tunatarajia kuzimaliza kwa kukeneka maji yasiyopungua gramu 70. Kwa kweli yatahitajika zaidi kidogo, kwa kuwa mvuke unaopita haraka haupati muda wa kujaza mafuta kiasi chote unachostahili kubeba.

Lakini hesabu hiyohiyo inatuonyesha mpaka. Chukueni eugenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 254, na karibu na nyuzi 100 mvuke wake una nguvu ya milimita kama 4 tu. Maji yanalipa 756, eugenoli inalipa 4, na joto la kuchemka linashuka chini ya 100 kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi, ambayo kipimajoto cha kawaida hakiwezi kuionyesha. Molekuli yake ni nzito, ina 164, lakini 4 mara 164 ni 656 tu, mbele ya 13,608 ya maji. Gramu 100 za maji zinaleta mafuta yasiyofika gramu 5. Anayetaka gramu 50 za eugenoli ajiandae kukeneka zaidi ya kilo moja ya maji. Bado inalipa, kwa sababu kuipasha moto mkali hadi nyuzi 254 kunaiharibu, lakini ni kazi ya saa nyingi. Mafuta yenye mvuke chini ya hapo, tuseme chini ya milimita 1 kwenye nyuzi 100, kama mafuta ya kupikia ambayo karibu hayana mvuke kabisa, hayatoki kwa njia hii hata uchemshe kutwa kucha. Na mafuta ambayo maji ya moto yanayavunja yasiletwe kwenye chupa hii hata kidogo.

Nimewaambia kwamba kiputo huzaliwa mahali maji na mafuta yanapogusana. Sentensi hiyo niliisoma kitabuni miaka mingi kabla sijaielewa, na naomba niwasimulie jinsi nilivyoielewa.

Nilikuwa kijana kwenye maabara moja ambayo sitaitaja. Niliweka ndani ya chupa ya nusu lita maji gramu 300 na mafuta yetu haya juu yake, nikawasha jiko kwa moto wa chini, na kwa haraka zangu sikutia vijiwe vya kuchemshia, wala sikuwa na kifaa cha kukoroga. Kipimajoto nilikizamisha ndani ya maji. Nyuzi 95, kimya. Nyuzi 97.5, kimya, nikadhani hesabu ya mwalimu wangu ni ya kinadharia tu. Nyuzi 98, kimya, na uso wa mafuta umetulia kama kioo. Ilipofika 99 nilishika stendi ili nisogeze chupa kidogo, na katika kuisogeza nikaitikisa. Chupa nzima ilifoka kwa mkupuo mmoja. Maji na mafuta vilipanda shingoni, vikapita ndani ya kondensa, ile neli ya kupozea mvuke, bila hata kupoa, na vikamwagika mezani. Sikuungua, lakini hilo halikuwa kwa ujuzi wangu.

Nini kilitokea? Maji yale ya chini, kwa upande wake, hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa na nyuzi 99, na maji matupu hayana sababu ya kuchemka kwenye nyuzi 99. Yalikuwa yameachwa peke yake, yamefunikwa na blanketi la mafuta, na mahali pekee walipokutana walipaji wawili palikuwa ule uso mwembamba katikati, uliotulia bila mkwaruzo wala chembe ya kuanzishia kiputo. Nilipotikisa, mafuta yalivunjika kuwa matone maelfu ndani ya maji, na ghafla kila sehemu ya maji ikawa jirani na mafuta. Kwa mchanganyiko huo, nyuzi 99 ni joto lililozidi kwa nyuzi moja na nusu.

Nyuzi moja na nusu huonekana si kitu, lakini pigeni hesabu. Gramu 300 za maji zinapopoa kwa nyuzi moja na nusu hutoa jouli zipatazo 1,900. Gramu moja ya maji inahitaji jouli 2,260 hivi ili iwe mvuke. Kwa hiyo joto lile la ziada liliweza kugeuza maji kama gramu 0.8 yakawa mvuke, na mvuke wa maji huchukua nafasi ya karibu lita 1.7 kwa kila gramu. Hiyo ni takriban lita 1.4 za mvuke, zilizozaliwa kwa sekunde moja au mbili ndani ya chupa ya nusu lita iliyokwisha jaa zaidi ya nusu yake. Ilikuwa lazima ifoke.

Tangu siku hiyo siwashi jiko kabla ya kuona kitu kinachokoroga, na kwa chupa ndogo vijiwe vichache huwekwa kabla ya kupasha moto, si baada yake. Kuvitumbukiza ndani ya maji yaliyokwisha kupita joto lake ni kuiita ajali ileile kwa jina lake. Mafuta yakiwa mazito kuliko maji, hatari ni kubwa zaidi, maana yanalala chini, karibu na moto, na yanaweza kupita nyuzi 100 kwa mbali huku maji yakiwa juu yake. Hapo mkorogo si hiari.

Njia ya pili, ambayo wengi wenu mnaitumia, huondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa: mvuke unatengenezwa katika chombo kingine, unaletwa kwa bomba hadi karibu na kitako cha chupa yenye mafuta, na wenyewe ndio unaokoroga. Mvuke unafika ukiwa na nyuzi 100, unakuta mchanganyiko unaochemka kwa 97.5, sehemu yake inageuka kuwa maji na kuacha joto lake humo, na joto hilo ndilo linalogeuza mafuta kuwa mvuke. Bei yake ni kwamba maji huongezeka ndani ya chupa. Yakianza kukaribia nusu ya chupa, wekeni moto kidogo chini yake ili mvuke usigeuke maji kwa wingi namna hiyo.

Sasa turudi kwenye kipimajoto, safari hii kikiwa mahali pake panapostahili, shingoni mwa chupa, mvuke unapopinda kuelekea kwenye kondensa. Wengi hukitazama ili kujua kama kazi inaendelea. Kina mengi zaidi ya kusema. Maadamu mvuke umeshiba maji, kila joto unalolisoma hapo linakuambia maji yanalipa kiasi gani cha deni, na kilichobaki kimelipwa na mafuta. Ukisoma 97.5, maji ni 694 na mafuta ni 66. Hali ni njema. Ukisoma 99.5, jedwali linakuambia maji yana milimita 746, kwa hiyo mafuta yamebaki na 14 tu. Fanya hesabu ileile ya uzito, utaona kwamba kila gramu 100 za maji sasa zinaleta mafuta kama gramu 14 badala ya 72. Kipimajoto kimekuwa mizani.

Hili linawafaa hasa wanaokeneka maganda au majani badala ya mafuta yaliyokwisha kukamuliwa. Mara nyingi wananiuliza kwa nini hawaioni 97.5 yangu hata siku moja, kwa nini wao huanza kwenye 99 na kuishia kwenye 100. Ni kwa sababu mafuta yao yamefungiwa ndani ya vifuko vya mmea. Mvuke unapita haraka kuliko mafuta yanavyoweza kutoka, hivyo unaondoka ukiwa na njaa. Kuongeza moto katika hali hiyo kunaleta maji mengi zaidi, si mafuta mengi zaidi. Kinachosaidia ni kukatakata maganda vizuri na kupunguza kasi, kisha kutazama kama joto la shingoni linashuka. Likishuka hata kwa nusu nyuzi, mmepata mafuta.

Upande wa pili wa kondensa kuna ushuhuda mwingine. Mafuta yakiwa yanakuja, kinachodondoka huonekana cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kwa kuwa mvuke wa mafuta umepoa na kuwa matone madogo mno yaliyotawanyika. Hali hiyo si uchafu. Limonini hutulia baada ya muda na kupanda juu, kwani ni nyepesi. Eugenoli ni nzito kidogo kuliko maji, nayo hukawia sana, na sehemu yake ndogo huyeyuka kabisa. Kwa limonini, chumvi kidogo ikitiwa ndani ya faneli ya kutenganishia huyafanya maji yawe mazito na yasiyopenda mafuta, na tabaka hujitenga upesi zaidi. Kwa limonini mtatoa maji kwa chini na kubaki na mafuta. Kwa eugenoli mafuta ndiyo yatakayotoka kwanza, na kila mwaka kuna anayeyamwaga kwenye sinki kwa mazoea.

Kazi ikikaribia mwisho, dalili mbili huja pamoja: matone yanakuwa maangavu, na kipimajoto kinaondoka mahali kilipokaa muda wote na kupanda hadi 100. Mlipaji wa pili ameishiwa. Pokeeni matone kadhaa zaidi ndani ya neli safi na kuyatazama dhidi ya mwanga. Yasipoonyesha hata duara moja la mafuta juu yake, hakuna sababu ya kuendelea.

Msikimbilie kuzima jiko. Mkizima kwanza, mvuke ndani ya chombo cha kutengenezea utapoa na kusinyaa, na hewa ya nje itausukuma mchanganyiko wote urudi nyuma kupitia bomba, kutoka kwenye chupa hadi kwenye chombo cha mvuke. Fungueni kwanza kibanio cha bomba ili hewa iingie, sikilizeni ule mlio mfupi wa hewa inayovutwa, na ndipo mzime jiko.